Mgeni niliyemfuta karudi: bekapu, logi na haki ya kufutwa

*Assalaam alaykum kaka. Naangalia mfumo wa bukingi wa hoteli ndogo hapa Paje, MySQL 8 kwenye seva ya Ubuntu. Tarehe 3 Machi mgeni wa Ujerumani alituandikia tufute taarifa zake zote, nikamfuta siku ile ile. Tarehe 20 Machi diski ikafa. Bekapu za kila siku zilikuwa humo humo, tukarejesha ya mwezi, ya tarehe 1 Machi. Tarehe 12 Aprili mgeni kapata tangazo letu la bei za msimu, na sasa anasema atatushtaki kwa mamlaka ya kwao. Utaratibu wetu ni faili 30 za siku na 12 za mwezi, kila moja ina dampo la databezi pamoja na folda la /var. Nizifungue zote nimtoe mojamoja?*

Waalaykum salaam mdogo wangu. Usizifungue. Utahangaika nazo siku nzima, na ukimaliza mgeni bado yumo, kwa sababu pahala alipojificha zaidi si kwenye lile dampo unalolifikiria.

Faili la bekapu halina mlango wa kuingilia ukatoa mstari mmoja. Limebanwa, na kama mmefanya vizuri limesimbwa pia. Kumtoa mtu mmoja ni kulirejesha lote kwenye databezi ya pembeni, kufuta, kulidampo upya, kulibana na kulirudisha pahala pake. Kila uliloligusa hivyo linakuwa bekapu mpya ambayo haijajaribiwa, na siku diski nyengine ikifa ndipo mtakapojua kama mkono wako ulikuwa salama. Halafu mwezi ujao akiomba mgeni mwengine, unaanza upya.

Tuanze na anachodai, maana vitisho vya namna hii huwafanya watu wafute hata visivyotakiwa kufutwa. Haki anayoisema imo katika kifungu cha 17 cha kanuni ya Ulaya, GDPR, inayotumika tangu 25 Mei 2018. Inawafikia hata walio nje ya Ulaya ikiwa wanawauzia huduma watu waliopo huko. Tovuti yenye ukurasa wa Kijerumani na bei za yuro, bila shaka ni kuwauzia. Mnatakiwa kumjibu ndani ya mwezi mmoja, na kwa ombi gumu mnaweza kuongeza miezi miwili, ila lazima mumwambie ndani ya ule mwezi wa kwanza kwamba mnaongeza na kwa nini. Na kwetu pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kwa Zanzibar inahusu mambo ya Muungano, kwa hivyo upande huo mwachie mwanasheria wa hoteli. Wewe tengeneza mfumo unaofuta kweli, utafaa kwa sheria zote mbili.

Kuhusu bekapu, wasimamizi wa Ulaya wenyewe wanajua zilivyo. Ile mamlaka ya Denmark, kwa mfano, inasema futa na kwenye bekapu kama kiufundi inawezekana; kama haiwezekani, hakikisha kwamba bekapu ikirejeshwa, aliyefutwa anafutwa tena kabla mfumo haujaanza kutumika. Uingereza nako, ambako kanuni yao imetokana na hiyo hiyo, msimamizi anataka data iliyobaki kwenye bekapu isitumike kwa jambo lolote mpaka muda wake uishe. Kwa hivyo bekapu ya tarehe 1 Machi kubaki na jina lake halikuwa kosa la kumpandisha mtu mori. Kosa ni kwamba iliporejeshwa hakuna aliyemkumbuka, na mfumo ukamtumia tangazo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni daftari la waliofutwa. Na hapa ndipo wengi wanapojikwaa mara tatu mfululizo.

Kwanza wanaliweka daftari ndani ya databezi ile ile. Ukirejesha bekapu ya 1 Machi, daftari nalo linarudi lilivyokuwa 1 Machi, na mgeni wa tarehe 3 hayumo. Liweke nje kabisa: faili la maandishi kwenye hifadhi nyengine, lenye nakala zake lenyewe. Ni mistari michache, halitakuelemea.

Pili wanaandika humo jina na imeili ya aliyefutwa. Hapo umemfuta huku ukamwandika kule. Kinachotakiwa ni alama inayomtambulisha ndani ya mfumo wenu tu, isiyosema chochote kwa mtu wa nje.

Tatu, na hili ndilo lenye mtego, wanatumia namba ya mgeni inayojipandisha yenyewe. Angalia mlivyofanya nyinyi. Tuseme bekapu ya 1 Machi iliishia mgeni namba 4140. Kati ya tarehe 1 na 20 mkaandikisha wageni kumi, mpaka 4150, na mmoja wao, namba 4146, naye akaomba afutwe. Diski ikafa, mkarejesha, na kaunta ikarudi 4140. Wageni wapya wa Machi 21 na kuendelea wakapewa 4141, 4142, mpaka 4146 akapewa mtu mwengine kabisa. Siku mtakaporejesha tena na kulipitisha daftari, litamfuta huyo wa pili, aliyelipa na ambaye pengine yuko chumbani kwake amelala. Hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaoonekana. Mtaigundua mapokezi, asubuhi anapotaka kuondoka na risiti haina jina.

Dawa yake ni kumpa kila mgeni kitambulisho kisichorudiwa, pembeni ya namba yake ya kawaida:

```
ALTER TABLE wageni ADD kitambulisho CHAR(36);
UPDATE wageni SET kitambulisho = UUID();
```

Weka pia programu yenu ijaze safu hiyo kila mgeni mpya anapoandikwa. Kumbuka kwamba bekapu za kabla ya leo hazina safu hii, kwa hiyo kwa zile za zamani utalazimika kutumia namba ya kawaida pamoja na tarehe ya kuandikishwa, mpaka ziishe muda.

Siku ya kurejesha, mpangilio ndio kila kitu. Programu ya tovuti iwe imezimwa, kazi za cron zinazotuma imeili ziwe zimezimwa, urejeshe, upitishe daftari, uhesabu wa daftarini waliobaki kwenye databezi, unatakiwa upate sifuri, ndipo ufungue. Nyinyi, nadhani, mlifungua mara tu wageni wa siku ile walipoonekana kwenye skrini. Ni jambo la kawaida, meneja amesimama nyuma yako na simu inalia. Ndiyo maana hatua hii iandikwe ndani ya skripti ya kurejesha, isitegemee kichwa cha mtu.

Sasa tuje kwenye pahala pake pa kujificha.

MySQL 8 ina logi inayoitwa binlogi, na inakuja ikiwa imewashwa. Inaandika kila badiliko, ili uweze kurejesha mpaka dakika ya mwisho. Kwa mpangilio unaokuja nao, unapofuta mstari haiandiki tu kwamba mstari fulani umefutwa. Inaandika mstari mzima ulivyokuwa kabla ya kufutwa. Yaani kitendo cha kumfuta kimetengeneza nakala yake mpya. Jitazamie mwenyewe, ukibadilisha namba ya faili iwe ya kwako:

```
mysqlbinlog --base64-output=DECODE-ROWS -v \
  /var/lib/mysql/binlog.000217 | grep -A 12 'DELETE FROM'
```

Utaona kitu cha namna hii, na kwenye nukta patakuwa na jina lake, imeili yake na namba ya pasi:

```
### DELETE FROM `hoteli`.`wageni`
### WHERE
###   @1=4127
###   @2='...'
###   @3='...'
```

Na si kufuta peke yake. Mliporejesha dampo, kila mgeni aliyeingizwa aliandikwa upya kwenye binlogi, huyu Mjerumani akiwemo. Ukiamua badala ya kufuta uandike "Mgeni aliyefutwa" juu ya jina lake, jina la zamani nalo linabaki humo.

Binlogi huisha muda wake baada ya sekunde 2592000, yaani siku 30, isipokuwa mmebadilisha. Lakini muda huo unaangaliwa seva inapowaka au inapofungua faili jipya la binlogi, na faili jipya hufunguliwa la sasa likifika ukubwa uliowekwa, ambao kwa MySQL inayokuja na Ubuntu ni megabaiti 100. Hoteli yenye vyumba kumi na tano itajaza megabaiti 100 lini? Zamani tungesema umeme ukikatika seva inazimika na kuwaka, basi binlogi inaanza faili jipya, tatizo limekwisha. Sasa mna yupiesi nzuri na sola, seva inakaa miezi bila kuzimwa, na faili lile lile huenda linaendelea kuandikwa likiwa na mambo ya tangu siku ilipowashwa. Angalia:

```
SHOW BINARY LOGS;
```

Kama orodha ina faili moja au mawili tu, na seva imekaa muda mrefu bila kuzimwa, ndiyo khasa ninayoyasema. Weka kwenye cron, kila usiku, amri ya kufungua faili jipya:

```
mysql -e 'FLUSH BINARY LOGS;'
```

Hapo kila faili linakuwa la siku moja, na siku 30 zinakuwa siku 30 kweli. Binafsi ningezipunguza ziwe 7. Kazi ya binlogi kwenu ni kuziba pengo kati ya bekapu ya jana usiku na ajali ya leo; wiki moja inatosha na kubaki. Thamani ni 604800 kwenye `binlog_expire_logs_seconds`.

Halafu kuna hesabu ambayo karibu kila mtu huikosea. Umesema kila faili lenu la bekapu lina folda la `/var` zima. Binlogi imo humo, kwenye `/var/lib/mysql`. Logi za tovuti nazo zimo, kwenye `/var/log`. Tuseme unamfuta tena leo, 14 Aprili, na bekapu za siku mnaziweka siku 30. Ukiniuliza mgeni ataisha lini kwenye bekapu, utasema 14 Mei, kwa sababu bekapu ya mwisho yenye jina lake ni ya jana au leo. Sivyo. Binlogi ya leo, iliyoandika kufutwa kwake, itakaa kwenye seva mpaka 14 Mei. Bekapu ya usiku wa siku hizo inaichukua binlogi hiyo. Na bekapu hiyo inakaa siku 30 nyengine. Mgeni anaondoka 13 Juni. Muda wa logi na muda wa bekapu unajumlishwa kila logi inapoingia ndani ya bekapu. Ukiziweka zile siku 7, inakuwa 7 na 30, na tarehe yake ni 21 Mei. Ukiitoa binlogi kabisa kwenye bekapu ya folda, ambayo haifai kitu humo maana dampo mnalo, inarudi siku 30 tu. Hivyo ndivyo ningefanya:

```
tar --exclude=/var/lib/mysql -czf var.tar.gz /var
```

Logi za tovuti zina habari yake, ila fupi. Nginx kwenye Ubuntu huzizungusha kila siku na kubakisha 14, kwa hiyo kwenye seva zenyewe hazikai. Tatizo ni kinachoandikwa humo. Kama fomu yenu ya kutafuta bukingi inapeleka imeili kwenye anuani ya ukurasa, basi kila mgeni aliyewahi kuangalia bukingi yake imeili yake imeandikwa kwenye logi. Tafuta `zgrep 'email=' /var/log/nginx/access.log*`. Ikitoa mistari, badilisha fomu itumie POST, na tatizo hilo huna tena. Kuhariri logi za nyuma sishauri; ziache ziishe, ila kama imeili yake imo, siku hizo 14 nazo zinajumlishwa kwenye tarehe utakayomwandikia.

Zinabaki zile 12 za mwezi, na hizi ndizo ningezifikiria upya kabisa. Faili la 1 Machi, kwa utaratibu wenu, litakaa na mgeni huyu mpaka Machi ya mwakani, na la 1 Aprili, lililofungwa akiwa kesharudi, mpaka Aprili ya mwakani. Mwulize meneja zinahifadhiwa kwa ajili gani. Jibu ambalo hutolewa ni "hesabu". Lakini hesabu za hoteli zimo kwenye vitabu vya mhasibu, na risiti za kodi mmeshazitoa kwenye mfumo wa VFMS wa Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Dampo la databezi la miezi tisa iliyopita hakuna atakayelirejesha; ukilirejesha utapoteza bukingi za miezi tisa. Mlilihitaji safari hii kwa sababu tu za siku zilikaa kwenye diski ile ile iliyokufa. Zikae za siku pahala pawili tafauti, na za mwezi bakisha mbili. Ukitoa za zamani, toa faili zima, usilihariri. Kama mtoa huduma wa wingu amewawekea kufuli la kuzuia kufutwa, lile la kujikinga na wanaofunga data za watu na kudai fidia, usishangae likikataa hata kwa nywila ya mwenye akaunti. Hilo litaisha kwa tarehe yake, na tarehe hiyo ndiyo utakayomwandikia mgeni.

Kuhusu risiti zake: usizifute. Lakini kuwa makini na maneno ya jibu. Kifungu cha 17 kina msamaha kwa data inayotakiwa na sheria, ila kinataja sheria za Umoja wa Ulaya na za nchi wanachama, hakitaji kodi za Zanzibar. Ukimwandikia Mjerumani mwenye wakili kwamba sheria yetu ya kodi inawapa msamaha wa kifungu hicho, atakurudishia barua. Mwambie kwamba risiti bado inahitajika kwa lile lile ililotolewa, yaani hesabu na madai yoyote yanayoweza kutokea, na kwamba haitumiki kwa matangazo. Kwenye databezi, mstari wa bukingi ubaki na tarehe na kiasi, na uliomo kwenye jedwali la wageni uondolewe jina, imeili, simu na pasi. Hilo pia litakuondolea lile kosa la ufunguo wa nje ambalo nina hakika lilikukatalia ulipojaribu kufuta mara ya kwanza.

Kuna wanaosimba taarifa za kila mteja kwa ufunguo wake mwenyewe, na siku ya kumfuta wanaharibu ufunguo, bekapu zote zinabaki na takataka isiyosomeka. Ni njia nzuri kwa benki. Kwa hoteli yenu siipendekezi: funguo nazo zinahitaji bekapu, na wengi huziweka kwenye databezi ile ile, zikaingia kwenye dampo lile lile. Hapo hujafuta kitu.

Jengine la kuangalia ni orodha za mawakala wa safari. Kama kila msimu mnapokea faili la wateja na kuliingiza kwenye mfumo, Mjerumani wenu atarudi kwa mlango huo akiwa na kitambulisho kipya, na daftari la waliofutwa halitamjua. Kwa hili tu ndipo unapohitaji kuhifadhi alama ya imeili yake. Usitumie SHA-256 tupu, maana mwenye orodha ya imeili anaweza kuzipitisha zote na kuona ipi inalingana. Tumia HMAC yenye ufunguo wa siri unaokaa nje ya databezi, geuza imeili iwe herufi ndogo kwanza, na kila orodha ipite hapo kabla ya kuingia. Na waandikie wakala na mtoa huduma wa imeili kwamba huyu kaomba kufutwa. Kanuni inawataka muwaarifu mliowapa data.

Usisahau mapokezi. Picha ya pasi iliyopigwa kwa simu, jina na namba ya ndege kwenye kundi la WhatsApp la madereva wa uwanja wa ndege, Excel ya mpishi ya wasiokula samaki. Kumfuta humo ni dakika chache, lakini hakuna skripti itakayokufanyia.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Mwambie kwamba alifutwa 3 Machi, kwamba bekapu iliyorejeshwa baada ya diski kuharibika ilimrudisha, kwamba kafutwa tena 14 Aprili na hatopata tangazo jengine. Mtajie risiti zinazobaki na kwa nini. Mpe tarehe ya mwisho ya bekapu, na hapo usiandike 14 Mei kabla hujatoa binlogi kwenye bekapu na kuziondoa za mwezi zote zenye jina lake, za 1 Machi na 1 Aprili zikiwemo. Zile bekapu zilizokwisha kufungwa tangu mliporejesha zina binlogi ndani, lakini nazo ni za siku 30, za mwisho zinaondoka 14 Mei kama utabadilisha skripti leo kabla ya usiku.

Tarehe 15 Mei chukua bekapu ya zamani kuliko zote iliyobaki, irejeshe kwenye mashine ya pembeni isiyo na mtandao, na utafute imeili yake kwenye dampo na kwenye folda lote lililofunguliwa:

```
zgrep -c 'imeili-yake' dampo.sql.gz
grep -rlaF 'imeili-yake' ./var; zgrep -lF 'imeili-yake' ./var/log/nginx/*.gz
```

Ya kwanza ikitoa sifuri na ya pili isitoe kitu, hifadhi matokeo na tarehe. Ya pili ikitoa jina la faili, mara nyingi litakuwa chini ya `/var/www`, kwenye folda la PDF za uthibitisho wa bukingi ambalo programu inalijaza na hakuna aliyewahi kulisafisha. Na kwa kuwa PDF nyingi zina maandishi yaliyobanwa ndani, `grep` inaweza kupita juu yake bila kuona kitu, kwa hiyo folda hilo litafute kwa namba ya bukingi kwenye majina ya faili.